Adenomiosisi kwa mama aliyekwisha kuzaa: maswali tunayoulizwa kila wiki kliniki

Mimi ni muuguzi mkunga, na kwa miaka mingi nimekaa kwenye kliniki ya magonjwa ya wanawake. Maswali yaliyo hapa chini nimeyasikia kwa wanawake wenyewe, mengine wakiwa wameketi mbele yangu, mengine yakiulizwa kwa kunong'ona mlangoni wakati mtu anaondoka. Wengi wao wana miaka 35 hadi 50, wamezaa, na kabla ya kufika kwetu wametibiwa "UTI sugu" au "PID" mara tatu au nne.

Adenomiosisi ni kitu gani hasa?

Kizazi kina tabaka mbili zinazotuhusu hapa. Ndani kabisa kuna utando laini, ule unaojengeka kila mwezi na kubanduka kama hedhi. Nje ya utando huo kuna ukuta mnene wa msuli, ambao ndio unaosukuma mtoto wakati wa uchungu. Mtu mwenye adenomiosisi, vipande vya ule utando wa ndani vimepenya na kuota katikati ya msuli, mahali ambapo havikutakiwa kuwepo.

Vipande hivyo havisahau kazi yao. Homoni za mwezi zikija, navyo huvimba, na vingine huvuja damu humo humo ndani ya nyama. Msuli unaozunguka hukasirika, hunenepa na kuwa mzito. Kizazi kizima huwa kikubwa, cha mviringo, laini kama embe lililoiva sana, na ukikibonyeza kinauma. Daktari Rokitansky wa Vienna alieleza hali ya namna hii mwaka 1860, kwa hiyo si ugonjwa mpya ulioletwa na chipsi wala na dawa za uzazi wa mpango, kama tunavyoambiwa mitaani.

Kitu kimoja ukishike tangu sasa, maana majibu mengi yanayofuata yanatokana nacho: ugonjwa huu hauna uvimbe mmoja wa kuushika na kuutoa. Umetapakaa ndani ya msuli wenyewe, kama mafuta yalivyosambaa ndani ya nyama ya kiuno.

Kwa nini unatupata sisi tuliozaa? Nilidhani kuzaa kunasafisha tumbo.

Sababu kamili haijajulikana, lakini maelezo yanayokubalika zaidi ni ya mpaka uliochubuka. Kati ya utando na msuli hakuna ngozi ya kuvitenganisha. Vimegusana moja kwa moja. Mimba inapojishikiza huchimba hadi kwenye msuli. Upasuaji wa kujifungua hukata ukuta wote. Kusafishwa baada ya mimba kuharibika hukwangua utando hadi karibu na nyama. Mahali palipochubuka panapopona, utando unapata upenyo wa kuingia. Ndiyo maana tunauona zaidi kwa aliyezaa mara nyingi, aliyepasuliwa, au aliyesafishwa kizazi.

Lakini nikuambie na upande wa pili. Zamani ugonjwa huu ulithibitishwa kwa kuchunguza vizazi vilivyokwisha kutolewa tu, na wanaotolewa kizazi mara nyingi ni akina mama wa miaka arobaini na kitu waliomaliza kuzaa. Basi ukaonekana ni wao peke yao. Tangu utrasaundi nzuri zianze kutumika, wasiozaa na wasichana nao wanakutwa nao. Kwa hiyo kuzaa kunaongeza uwezekano, ila usije ukamlaumu mtoto wako wa nne kwa hedhi yako.

Damu "nyingi" ni kiasi gani? Kila mtu husema yake ni nyingi.

Vitabuni damu nyingi ni zaidi ya mililita 80 kwa hedhi moja, lakini hakuna anayekwenda na kikombe cha kupimia msalani. Sisi tunauliza hivi: unabadilisha pedi kila baada ya muda gani siku ya pili? Ikiwa ni kila saa moja au mbili, na imelowa kweli, hiyo ni nyingi. Unatoa mabonge makubwa kuliko yai la kwale? Unaamka usiku kubadilisha? Unavaa pedi mbili kwa pamoja, au pedi na kipande cha khanga juu yake? Unaacha kwenda kazini au harusini kwa sababu ya siku zako? Hedhi inapita siku 7?

Mama mmoja alinijibu vizuri kuliko fomu yoyote. Alisema, "Nesi, mimi kwenye daladala sikai siku hizo. Nasimama mpaka Mbezi, hata siti ikiwepo." Sikumwuliza tena habari ya pedi.

Angalia pia dalili za damu kupungua mwilini: kuhema ukipanda ngazi, moyo kudunda, kizunguzungu ukiinuka, kutamani kula udongo au barafu. Wanawake wengi wanakuja na hizo kwanza, wakidhani ni presha, na habari ya hedhi hawaitaji kabisa kwa sababu wameizoea.

Maumivu yake yana tofauti gani na chango la kawaida?

Chango la usichana mara nyingi huanza na damu, husumbua siku moja au mbili, kisha hutulia, na wengi hupata nafuu wakishazaa. La adenomiosisi huja kinyume. Mama anasema hedhi yake ilikuwa haina shida, amezaa, na baada ya miaka kadhaa maumivu yakaanza na kila mwaka yanazidi. Yanatangulia damu kwa siku kadhaa, yanakaa muda wote wa hedhi, na wengine hubaki na uzito chini ya kitovu hata siku za kawaida, kama mtu aliyebeba kitu. Mgongo wa chini na mapaja huuma. Tendo la ndoa linauma kwa ndani, siyo mlangoni.

Daktari akipima kwa mikono miwili, mmoja ndani na mwingine juu ya tumbo, anakuta kizazi kimekua na kinauma kikibonyezwa, hasa ukiwa karibu na hedhi. Usione haya kumwambia "hapo hapo". Hilo ni nusu ya jibu analolitafuta.

Na kuna wanawake karibu theluthi moja wenye ugonjwa huu ambao hawana dalili yoyote. Wanaambiwa kwa bahati, wakipimwa kwa sababu nyingine. Hao hawahitaji dawa.

Nimeambiwa nina mayoma. Mwingine kasema PID. Nimwamini nani?

Hapa ndipo watu wanapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mayoma, yaani vivimbe vya kizazi, ni mabonge yenye mipaka. Kila kimoja kimejitenga na msuli kama kokwa ndani ya tunda, na daktari wa upasuaji akikata anaweza kukichomoa. Mayoma pia yanaweza kukua sana, tumbo likafika kitovuni au kupita. Kizazi chenye adenomiosisi peke yake kwa kawaida hakizidi ukubwa wa mimba ya wiki 12, yaani kinaanza tu kuchungulia juu ya mfupa wa kinena. Ukiwa na tumbo linalofika kitovuni, tafuta maelezo mengine. Kwa kugusa, mayoma ni magumu na kizazi huwa na manundu, tena mara nyingi hayaumi yakibonyezwa. Adenomiosisi ni laini, ya duara, na inauma.

PID, maambukizi ya nyonga, ina tabia yake. Maumivu hayafuati mwezi, kunaweza kuwa na homa, uchafu wenye harufu, na shingo ya kizazi huuma ikisogezwa. Antibayotiki zinatakiwa kuleta nafuu ndani ya siku tatu hivi. Kama umemeza dozi ya tatu ya dawa hizo na kila mwezi maumivu yanarudi tarehe ile ile, tatizo huenda halijawahi kuwa wadudu.

Linalochanganya zaidi ni kwamba mtu mmoja anaweza kuwa na mayoma na adenomiosisi kwa pamoja, na hilo si jambo la nadra. Vivimbe viwili vidogo vinaandikwa kwenye ripoti, kila mtu anavitazama hivyo, na ukuta wenyewe ulionenepa hautajwi.

Nipime utrasaundi ipi? Nilishapima ya tumboni wakasema "kizazi kikubwa kidogo" basi.

Ile ya tumboni, unayokunywa maji mpaka mkojo ukubane, inaona ukubwa wa kizazi na mayoma makubwa. Kwa ukuta wa msuli haioni vizuri. Inayofaa ni ile ya kuingiza kifaa chembamba ukeni, na hiyo unapimwa kibofu kikiwa kitupu. Haiumizi zaidi ya kipimo cha kawaida cha ndani, na kifaa huvalishwa kondomu mpya kila mgonjwa.

Mpimaji mzuri anatafuta mambo kadhaa: ukuta mmoja kuwa mnene kuliko mwenzake, mara nyingi wa nyuma, vishimo vidogo vyeusi vya maji ndani ya msuli, mistari ya kivuli inayoshuka kama miale ya upepeo, na mpaka wa utando na msuli usioeleweka, kama wino uliomwagikia karatasi yenye unyevu. Katika mayoma mishipa ya damu huzunguka bonge kwa nje. Katika adenomiosisi mishipa hukatiza moja kwa moja eneo lenye ugonjwa.

Ripoti ikisema tu kizazi ni kikubwa, rudi uulize: ukuta wa mbele una unene gani, wa nyuma unene gani, na msuli una mwonekano gani? MRI inaona vizuri zaidi, ila ni ghali na wengi hawaihitaji. Hutumika pale utrasaundi imeshindwa kuamua na upasuaji unafikiriwa. Uthibitisho wa mwisho ni wa maabara, kwa darubini, baada ya kizazi kutolewa. Matibabu hayangoji huo.

Nipe mfano wa mtu mmoja tangu mwanzo mpaka mwisho.

Nitakupa wa mama wa Tanga, na nimebadilisha vitu vidogo asijulikane. Ana miaka 42, watoto wanne, wawili wa mwisho kwa upasuaji. Anakaanga samaki na kuuza jioni. Kwa miaka mitatu hedhi yake ilifika siku 9, siku tatu za kwanza hawezi kukaa mbele ya jiko. Mahali alipoanzia matibabu alipewa dawa za PID mara nne, kisha akaambiwa ana mayoma na apange kutolewa. Hakuna aliyempima wingi wa damu.

Alipofika kwetu wingi wa damu ulikuwa 7.4, kwa mwanamke asiye mjamzito unatakiwa kuanzia 12. Hakuwa na mimba, tulihakikisha. Shingo ya kizazi ilipimwa, ilikuwa salama. Utrasaundi ya ndani ilionyesha kizazi cha sentimita 12 kwa urefu, ukuta wa mbele sentimita 1.9, wa nyuma 4.1. Yaani nyuma ni mnene zaidi ya mara mbili ya mbele. Kiuvimbe kimoja cha sentimita 2 kilikuwepo kweli, upande wa nje wa kizazi, mahali ambapo hakiwezi kuleta damu ile yote. Angefanyiwa upasuaji wa kukitoa hicho, angeamka na kovu jipya na hedhi ile ile.

Hakuongezewa damu, kwa sababu alikuwa anatembea na kupumua vizuri. Alianza vidonge vya madini ya chuma. Daktari akamsimamishia hedhi kwanza kwa norethisteroni, ili mwili upumue na damu ijengeke, kisha akamwekea kitanzi cha homoni. Wiki ya saba kitanzi kikatoka chenyewe na bonge la damu. Alinipigia simu akilia, akidhani amejiharibu. Hakujiharibu, kizazi kikiwa kikubwa na damu ikiwa nyingi, hilo hutokea. Akarudishwa kwenye norethisteroni kwa miezi mitatu, kisha kikawekwa cha pili, na hicho kikakaa.

Miezi minne iliyofuata alikuwa akiona matone karibu kila siku, na nusura aje kukitoa. Tukamwomba avumilie mpaka mwezi wa sita. Mwezi wa nane hedhi yake ilikuwa ya pedi nyembamba moja kwa siku, siku tatu. Wingi wa damu ulikuwa 12.1. Kizazi chake bado ni kikubwa kuliko cha kawaida, na kitabaki hivyo kwa sasa. Yeye anasema halimhusu, samaki wanauzwa.

Dawa za maduka ya dawa zinasaidia? Nizitumieje?

Zinasaidia zikitumiwa kwa wakati wake. Ibuprofeni miligramu 400 mara tatu kwa siku, baada ya kula, hufanya kazi vizuri ukianza maumivu yanapoanza kubisha hodi au siku moja kabla ya hedhi unayoitegemea. Ukingoja mpaka unajikunja kitandani, umechelewa. Inapunguza pia damu kidogo, kwa sababu inazuia kemikali zile zile zinazokaza msuli. Asidi ya mefenamiki miligramu 500 mara tatu ni ndugu yake. Chagua moja, usichanganye. Mwenye vidonda vya tumbo, shida ya figo au presha ya juu aulize kwanza.

Kwa damu yenyewe kuna asidi ya traneksamiki, gramu 1 mara tatu kwa siku, kwa siku zile za damu nyingi tu, isizidi siku 4 au 5. Inaweza kupunguza damu kwa karibu nusu. Si homoni na haizuii mimba. Aliyewahi kuganda damu mguuni au kwenye mapafu asiitumie, na anayemeza vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili amwambie daktari kabla ya kuigusa.

Madini ya chuma yana kosa moja linalorudiwa kila nyumba: kidonge kinamezwa na chai. Chai huzuia chuma kisiingie mwilini. Kimeze na maji au juisi ya chungwa, chai ije baada ya saa moja au mbili. Kidonge kimoja kwa siku kinatosha, na tumbo likisumbua, siku moja umeze, siku moja upumzike. Choo kitakuwa cheusi, usishtuke. Endelea miezi mitatu baada ya damu kufika kiwango, la sivyo hedhi mbili zitakurudisha ulipokuwa.

Dawa hizi hazigusi ugonjwa wenyewe. Zinakuvusha mwezi.

Kitanzi? Si ndicho kilichomwongezea jirani yangu damu?

Yawezekana kabisa, na hapa majina yanatuponza. Kuna kitanzi cha madini ya shaba, ambacho wengi wanakiita lupu, na hicho huweza kuongeza damu na maumivu. Kama unacho na una dalili hizi, mwambie daktari, huenda kinachangia. Kisha kuna kitanzi cha homoni. Kwa umbo vinafanana, kazi ni kinyume. Hiki cha pili kina miligramu 52 za levonorjestreli na huachia kiasi kidogo sana kila siku humo humo ndani ya kizazi. Utando unakuwa mwembamba, vile vipande vilivyo kwenye msuli vinanyong'onyea, na damu inapungua. Kinakaa miaka 5 au zaidi, kutegemea aina.

Kwa mama aliyemaliza kuzaa na anayetaka kubaki na kizazi chake, hili ndilo chaguo ninaloliona likifanikiwa zaidi. Kasoro zake umeziona kwa mama wa Tanga: matone ya miezi ya mwanzo, na hatari ya kutoka kizazi kikiwa kikubwa. Ukienda kuulizia, sema "cha homoni" waziwazi, na kabla ya kuwekewa omba uone boksi.

Kisipopatikana, au hukitaki, zipo njia nyingine za homoni: dienojesti miligramu 2 kila siku, sindano ya miezi mitatu, au vidonge vya kawaida vya uzazi wa mpango vikimezwa mfululizo bila wiki ya kupumzika. Hivyo vya mwisho havimfai mwenye presha, mvutaji sigara aliyevuka miaka 35, wala mwenye kipandauso kinachotanguliwa na mwanga machoni. Zipo pia sindano za kuzima ovari kwa muda, zinazosinyaza kizazi. Zinaleta joto na jasho kama la kukoma hedhi na hudhoofisha mifupa zikitumika muda mrefu, kwa hiyo kwa kawaida huwa za miezi 6, mara nyingi kama daraja la kuelekea upasuaji. Dawa ikiachwa, ugonjwa hurudi.

Hawawezi kukata ile sehemu mbaya tu?

Mara chache, pale ugonjwa umekusanyika sehemu moja, na ni kazi ya fundi hasa. Kumbuka ile nyama ya kiuno: hakuna mpaka unaomwonyesha daktari aishie wapi. Akikata kidogo anaacha ugonjwa, akikata sana anabaki na kizazi dhaifu. Hufikiriwa zaidi kwa anayetaka kuzaa bado. Kuunguza utando wa ndani nako hakufiki kwenye vipande vilivyo ndani ya msuli, na maumivu mara nyingi hubaki. Kuziba mishipa ya damu ya kizazi kwa mrija unaopitishwa kwenye nyonga kunawasaidia wengi, lakini vituo vinavyofanya hivyo katika nchi zetu ni vichache.

Nikitolewa kizazi nitabaki mwanamke?

Swali hili huulizwa mlango ukiwa umefungwa, na mara nyingi nyuma yake kuna swali la mume.

Kutoa kizazi ndiyo tiba pekee inayomaliza adenomiosisi kabisa, kwa sababu ugonjwa unaondoka na msuli uliobeba. Kwa mama aliyezaa, aliyejaribu dawa na zikashindwa, ni uamuzi halali, wala hauhitaji kuona aibu nao. Hedhi inakoma na mimba haiwezekani tena. Ovari zikiwa nzima huachwa, nazo zinaendelea kutoa homoni, kwa hiyo huzeeki ghafla wala hamu haikatiki kwa sababu hiyo. Uke unashonwa juu, haubaki shimo la kuelekea tumboni, kama tunavyosikia saluni. Mume hatagundua tofauti, na kwa yule aliyekuwa akiumia, tendo huwa afadhali. Huanza tena baada ya wiki 6 hadi 8, jeraha la ndani likishapona. Ndoo ya maji usiinue kwa wiki 6.

Uliza jambo moja kabla ya kusaini: shingo ya kizazi inatolewa pia au inaachwa? Ikiachwa, unaweza kuendelea kuona matone ya kila mwezi, na kipimo cha saratani ya shingo ya kizazi bado kitakuhusu.

Upasuaji huu una hatari zake kama mwingine wowote: damu kupotea, maambukizi, kibofu au mirija ya mkojo kujeruhiwa. Mtu asipelekwe mezani na damu ya 7 kama si dharura. Ijengwe kwanza.

Na zile lulu za kusafisha kizazi wanazouza WhatsApp?

Mnaziweka ukeni siku tatu, kisha vinatoka vipande vyeupe, na mnaambiwa ni uchafu wa kizazi. Vipande vile ni ute na ngozi ya uke iliyochubuliwa na zile dawa zenyewe. Ukimwekea mwanamke asiye na ugonjwa wowote, vitatoka vile vile. Utando ulioota ndani ya msuli haufikiwi kutoka ukeni kwa kusafishwa, kufukizwa wala kukandwa. Kukanda tumbo kwa chupa ya maji ya moto ni jambo jingine: hakutibu ugonjwa, lakini kunalegeza msuli, na mimi mwenyewe nakushauri ufanye.

Je, ni saratani?

Hapana. Utando umehama tu, chembe zake ni za kawaida. Shida ni kwamba saratani nayo huleta damu, na mtu akishapewa jina la adenomiosisi kila damu inasingiziwa hilo. Damu baada ya tendo la ndoa, damu katikati ya mwezi, au hedhi iliyopoteza mpangilio ukiwa na miaka 45 au zaidi, inataka shingo ya kizazi ipimwe na pengine kipande kidogo cha utando kichukuliwe kikapimwe.

Nenda hospitali siku hiyo hiyo ukilowesha pedi kila saa kwa saa mbili mfululizo, ukizimia, moyo ukienda mbio umekaa tu, au ukiona damu nyingi ilhali kuna uwezekano una mimba.

Nina miaka 48. Si ningoje tu ikome yenyewe?

Unaweza. Hedhi ikikoma, vile vipande vinakosa homoni, vinasinyaa, na kizazi hupungua polepole. Wengi huingia komahedhi karibu na miaka 50, ila hakuna anayejua yake itakuja baada ya miezi 6 au baada ya miaka 6, na miaka ya mwisho kabla ya kukoma ndiyo hedhi inayovurugika zaidi. Kama damu yako ni 11 au 12 na ibuprofeni inakutosha, ngoja bila wasiwasi. Kama ni 8, huko si kungoja. Na ikishakoma mwaka mzima kisha ukaona hata tone moja, usiseme ni ile ya zamani imerudi. Njoo upimwe.